Maji ya wodini hayapoi: kusaka kasoro ya kibadilisha joto cha mabamba kwa hesabu ya LMTD

Lalamiko huanzia katika chumba cha upasuaji. Vioo vinatoa jasho, kipimo cha unyevu kimepita asilimia 60, na muuguzi msimamizi amepiga simu karakana kuuliza kwa nini hewa ni nzito ilhali mashine inanguruma. Fundi akishuka hadi chumba cha kuunganishia, mahali ambapo bomba za mtambo wa pamoja wa kupoza maji hukutana na bomba za hospitali, anakuta maji yanayopanda wodini yana nyuzi 9 badala ya 7, na vali ya upande wa mtandao, yaani upande wa bomba za mtambo wa pamoja, imefunguka hadi mwisho. Mara nyingi uamuzi hutolewa papo hapo: kibadilisha joto ni kidogo, kiongezewe mabamba. Katika mwongozo huu nitaonyesha kwamba uamuzi huo hautakiwi kufanywa kabla ya kupima halijoto nne na mitiririko miwili, kwa kuwa kasoro tano tofauti huleta dalili hiyo hiyo ya maji ya uvuguvugu, na ni mbili tu kati ya hizo zinazopatikana kwenye mabamba yenyewe au katika jinsi yalivyounganishwa na bomba.

Nyuzi hizo mbili si jambo dogo. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50, ambayo ni hali ya kawaida kutakiwa katika chumba cha upasuaji, huanza kutoa umande kwenye nyuzi 9.3 hivi. Koili inayolishwa maji ya nyuzi 9 haina namna ya kuikausha hewa hadi kiwango hicho, hata kama chumba chenyewe kinapoa vizuri. Ndiyo sababu wodi za kawaida zinaweza kukaa kimya wiki nzima huku chumba cha upasuaji kikilalamika.

Hesabu ya usanifu tutakayoilinganisha nayo

Tuchukue hospitali ya mfano upande wa Upper Hill, Nairobi, yenye mzigo wa kilowati 1,200. Mtambo wa pamoja unaleta maji ya nyuzi 5 na kutarajia kuyapokea yakiwa nyuzi 13. Upande wa hospitali, maji yanarudi kutoka wodini yakiwa nyuzi 15 na yanatakiwa kutoka yakiwa nyuzi 7. Pande zote mbili zina tofauti ya nyuzi 8, kwa hiyo mtiririko ni ule ule, mita za ujazo 129 kwa saa. Kanuni ya haraka ya karakana ni kwamba kilowati ni sawa na mita za ujazo kwa saa, mara 1.163, mara tofauti ya nyuzi; 129 mara 1.163 ni 150, na 150 mara 8 ni 1,200.

Maji ya pande mbili hupita yakielekeana kinyume. Kwenye ncha yenye joto, maji ya nyuzi 15 kutoka wodini yanaingia pale pale ambapo maji ya mtandao yanatoka na nyuzi 13, na tofauti ni nyuzi 2. Kwenye ncha ya baridi, maji ya wodini yanatoka na nyuzi 7 mahali ambapo ya mtandao yanaingia na nyuzi 5, na tofauti ni 2 tena. Wastani wa kilogariti wa tofauti hizo mbili ndio LMTD, na ndio unaounganisha mzigo Q na eneo la mabamba A, U ikiwa kiasi cha joto kinachopita katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti:

```
LMTD = (ΔT1 − ΔT2) / ln(ΔT1 / ΔT2)
Q    = U × A × LMTD
```

Hapa jedwali la kompyuta litaandika `#DIV/0!`, kwa sababu tofauti mbili zikilingana, juu kuna sifuri na chini kuna sifuri. Hiyo si hitilafu ya kibadilisha joto. Tofauti zikilingana, LMTD ni tofauti yenyewe, yaani 2. Kwa hiyo U mara A ni 1,200 gawanya kwa 2, sawa na kilowati 600 kwa kila nyuzi moja. Tukichukua U ya kilowati 5 kwa mita ya mraba kwa nyuzi, ambayo ni kadirio la wastani kwa mabamba yenye mikunjo mikali na maji pande zote mbili, eneo ni mita za mraba 120. Eneo hilo tumeligawa katika vibadilisha joto viwili vinavyofanya kazi sambamba, na cha tatu kinachofanana navyo kimewekwa akiba, kwa kuwa hospitali haiwezi kuzima upoaji ili mabamba yaoshwe.

Namba ya kushika ni hiyo 600. Mzigo hubadilika kila saa na halijoto hubadilika pamoja nao, lakini UA ni sifa ya kifaa. Ikiwa imebaki pale pale, kifaa ni kizima na kasoro itafutwe kwingine.

Kwanza vipimajoto

Wengi huruka hatua hii, nami sioni maana ya kuendelea bila kuifanya. LMTD yetu ni nyuzi 2 tu. Kipimajoto cha kawaida cha daraja B kinaruhusiwa kukosea takriban nyuzi 0.35 katika halijoto hizi. Tuseme kila kimoja kimekosea nyuzi 0.3 tu, na kila jozi imekosea pande kinyume: tofauti halisi ya 2 itasomeka 2.6 au 1.4. Kibadilisha joto kizima chenye UA ya 600 kitaonekana kuwa na 460, au kitaonekana kuwa na 860. Kwa maneno mengine, vipimajoto peke yake vinaweza kukuzushia uchafu usiokuwepo, au kukuficha uliopo.

Dawa yake ni rahisi. Toa vipimajoto vyote vinne kwenye mifuko yake iliyo ndani ya bomba, vitumbukize pamoja katika chupa ya chai yenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, subiri vitulie, kisha andika kila kimoja kinasoma nini. Kilichosoma 0.3 juu ya sifuri kitapunguziwa 0.3 katika hesabu. Usijaribu kuvilinganisha kwa maji yanayochemka ukitarajia 100, kwa sababu Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukivirudisha, hakikisha ncha ya kipimajoto inagusa sakafu ya mfuko na kuna mafuta ya kupitishia joto ndani yake. Mfuko mkavu husoma halijoto ya chumba kwa kiasi fulani, na chumba cha pampu huwa na joto.

Uhakiki wa pili hauhitaji kifaa chochote cha ziada. Piga hesabu ya kilowati za upande wa mtandao na za upande wa hospitali kila moja peke yake. Joto lililotoka upande mmoja limeingia wa pili, kwa hiyo majibu mawili yakipishana zaidi ya asilimia 5 hivi, kuna kipimo kinachodanganya na hakuna hitimisho linalofaa kutolewa.

Muda wa kupima nao una uzito. UA hushuka mtiririko unaposhuka, kwa sababu maji yaendayo polepole hayavurugiki vya kutosha kwenye mikunjo ya mabamba. Kwa mtiririko wa nusu pande zote mbili, kifaa chetu kikiwa safi kabisa kitaonyesha UA ya karibu 400. Fundi akipima mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa ya ukungu na mzigo uko nusu, ataandika kwamba theluthi moja ya uwezo imepotea na ataagiza mabamba yafunguliwe bila sababu. Pima alasiri ya Februari au mapema Machi, jua likiwa kali na mtiririko ukikaribia ule wa usanifu. Kama haiwezekani, linganisha na thamani ambayo mtengenezaji ametoa kwa mtiririko uliopo, si na 600.

UA ni nzima, na maji yanarudi kutoka wodini yakiwa baridi mno

Hii ndiyo kasoro ninayoishuku kabla ya nyingine zote. Vipimo vinasomeka hivi: mtandao unaingia 5.0 na kutoka 11.6 kwa mita za ujazo 129 kwa saa. Hospitali inarudisha maji ya 12.5 na kupokea 7.5, lakini mtiririko wake ni 172. Kilowati ni takriban 995 pande zote mbili, kwa hiyo vipimo vinaaminika. Ncha ya joto ina tofauti ya 0.9 na ncha ya baridi 2.5. LMTD inatoka karibu 1.56, na UA ni 640 hivi.

UA imepanda kidogo juu ya 600, kama inavyotakiwa maji yanapopita kwa kasi zaidi. Kibadilisha joto kinafanya zaidi ya kazi kilichoajiriwa kuifanya. Kinacholetwa mlangoni pake ndicho kibaya: maji mengi mno yaliyobeba joto kidogo mno. Ncha ya joto imebanwa, maji ya mtandao hayana tena pa kupatia joto, na yanarudi mtamboni yakiwa nyuzi 11.6 badala ya 13. Mwenye mtambo naye ataanza kulalamika, na kama mkataba una faini ya maji yanayorudi baridi, ankara itaonyesha.

Hapa kuongeza mabamba ni kutupa fedha. Tazama inavyokuwa tukipunguza mtiririko wa hospitali hadi 129 kwa mzigo ule ule wa kilowati 995: maji yanarudi na nyuzi 13.3 na yanatoka na 6.7. Maji machache zaidi yamepanda wodini yakiwa baridi zaidi, bila kugusa boliti hata moja ya fremu.

Lakini pampu isipunguzwe kasi kabla ya kujua ni kwa nini wodi zinadai maji mengi, kwa sababu koili iliyodhoofika ikinyimwa maji itadhoofika zaidi. Anza na vali za njia tatu. Kila moja ya hizo hupitisha maji pembeni ya koili pale chumba kikishapoa, na maji hayo yanarudi chini hayajafanya kazi yoyote. Kuzibadilisha kwa vali za njia mbili, pamoja na pampu inayofuata tofauti ya shinikizo kwenye tawi la mbali, huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kisha angalia vichujio vya hewa vya mashine za hewa, halafu angalia vyumba ambavyo mtu ameweka kidhibiti kwenye nyuzi 16: halijoto hiyo haifikiki kamwe, na vali ya chumba hicho imekaa wazi usiku na mchana.

Kuna sababu ya nne ambayo ni ya mji huu na miji mingine ya nyanda za juu. Hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu asilimia 81 tu ya hewa ya Mombasa kwa ujazo ule ule. Koili iliyochaguliwa kutoka katika katalogi ya usawa wa bahari, na feni iliyopangwa kwa lita zile zile za hewa kwa sekunde, hupitisha kilo chache zaidi za hewa, hivyo huchukua joto kidogo zaidi. Kidhibiti kikiona chumba hakipoi hufungua vali ya maji hadi mwisho, na maji yanapita haraka na kurudi baridi. Kibadilisha joto chenyewe hakijui kiko mwinuko gani, kwa kuwa pande zake zote mbili ni maji. Lakini hubeba lawama za koili zilizo juu yake. Ukikuta karatasi za uchaguzi wa koili hazitaji mwinuko popote, shuku hili, na hesabu upya ujazo wa hewa ambao feni inapaswa kusukuma.

UA ni nzima, na mtandao unarudisha maji ya moto kuliko ilivyokusudiwa

Sasa vipimo ni hivi: mtandao 5.0 hadi 14.4 kwa mita za ujazo 86 kwa saa, hospitali 15.0 hadi 8.8 kwa 129. Tofauti kwenye ncha ya joto ni 0.6, kwenye ncha ya baridi 3.8. UA inatoka karibu 540, ambayo ni sahihi kwa upande mmoja ulio na mtiririko wa theluthi mbili.

Ukitazama tofauti za ncha peke yake utadhani ni kasoro ile ya kwanza, maana ncha ya joto imebanwa vile vile na ya baridi imetanuka. Ncha hukuambia tu ni mkondo upi wenye maji mengi kuliko mwenzake. Hazikuambii ni upi uliozidi na ni upi uliopungua. Kitenganishi ni tofauti ya nyuzi ya kila upande. Katika kasoro ya kwanza, upande wa hospitali ulikuwa na nyuzi 5 tu badala ya 8. Hapa upande wa mtandao una 9.4 badala ya 8: maji machache yamenyonywa joto hadi mwisho. Kibadilisha joto kina njaa.

Safisha kwanza chujio lililo kabla ya kibadilisha joto upande wa mtandao, hasa kama bomba za barabarani zimeunganishwa na jengo jipya hivi karibuni, kwani vumbi la kulehemu na mchanga husafiri. Likiwa safi, pima shinikizo la bomba la kuingia na la kutoka kwenye mpaka wa mtandao vali ikiwa wazi kabisa. Kama tofauti ni ndogo kuliko iliyoahidiwa katika mkataba, suala ni la mwenye mtambo na vipimo hivi ndivyo vya kumpelekea. Kama ni ya kutosha, basi vali ya kudhibiti ni ndogo, au kikomo chake cha mtiririko kiliwekwa chini siku ya kukabidhi na hakuna aliyekirudia.

UA imeporomoka, na ncha zote mbili zimetanuka

Mtandao 5.0 hadi 12.4, hospitali 15.4 hadi 8.0, mitiririko yote miwili 129. Kilowati ni 1,110, tofauti ni 3.0 kila ncha, LMTD ni 3.0, na UA ni 370. Mitiririko ni ya usanifu, vipimajoto vimehakikiwa, na bado karibu asilimia 40 ya uwezo haipo. Hapa ndipo mabamba yanapohusika kweli.

Katika mizunguko iliyofungwa ya maji baridi chokaa si mshukiwa wa kwanza. Washukiwa ni kutu laini kutoka kwenye bomba za chuma na utando wa vijidudu pale dawa ya maji ilipoachwa kuwekwa. Si lazima utando huo uonekane mzito ili uwe na madhara. Kwa mita za mraba 120, kushuka kutoka 600 hadi 370 ni ukinzani wa ziada wa takriban 0.00012 kwa vizio vya mita ya mraba na nyuzi kwa wati. Ute wa vijidudu hupitisha joto karibu kama maji yaliyotulia, kwa hiyo unene unaotosha ni kama milimita 0.07. Fundi anaweza kufungua fremu, akaangalia mabamba kwa tochi, na kusema ni safi. Apitishe kidole.

Mporomoko wa shinikizo kupitia kibadilisha joto husaidia kujua ni upande upi na ni uchafu wa aina gani. Shinikizo likiwa la kawaida na UA imeshuka, ni utando mwembamba, na kuosha kwa kemikali bila kufungua fremu mara nyingi kunatosha. Shinikizo likiwa limepanda sana upande mmoja pamoja na UA kushuka, baadhi ya mifereji imezibwa na ni lazima fremu ifunguliwe upande huo ukaguliwe. Shinikizo likipanda huku UA ikibaki nzima, takataka ziko mlangoni mwa mabamba au kwenye chujio, na njia yenyewe bado ni safi. Wakati wa kufunga tena, kaza hadi urefu wa pakiti ulioandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Kukaza kupita hapo ili kuzuia tone kwenye gasketi huharibu mabamba.

Maji ya pande zote mbili yanatoka na halijoto moja

Dalili hii hujitokeza siku ya kwanza, na haina haja ya hesabu ndefu. Mtandao unaingia 5 na kutoka 10. Hospitali inaingia 15 na kutoka 10. Mitiririko ni sawa, mabamba ni mapya, na mzigo umekwama kwenye kilowati 750. Bomba za upande mmoja zimegeuzwa, na maji yanakwenda njia moja badala ya kupishana. Kwa mpangilio huo maji ya hospitali hayawezi kamwe kutoka yakiwa baridi kuliko maji ya mtandao yanayotoka, hata uongeze mabamba mara kumi. Katika usanifu wetu yanatakiwa kutoka 7 wakati ya mtandao yanatoka 13, jambo linalowezekana kwa mikondo inayoelekeana kinyume tu. Badilishanisha bomba mbili za upande mmoja, na kumbuka kuhamisha vipimajoto pia.

Kila kibadilisha joto kinatoa maji baridi, lakini bomba kuu ni la vuguvugu

Pima kwenye mdomo wa kila kibadilisha joto, kisha kwenye bomba kuu linalopanda wodini. Kama viwili vinavyofanya kazi vinatoa nyuzi 5.6 na bomba kuu lina 8.8, angalia kile cha akiba. Vali yake ya mtandao imefungwa, lakini ya hospitali iko wazi au inavuja, na theluthi moja ya maji ya wodini inapita ndani yake bila kupozwa na kuchanganyika na iliyopozwa. Kifaa chako kinafanya kazi vizuri kuliko usanifu, na kipimajoto kimoja kwenye bomba kuu kimekifanya kionekane mgonjwa. Kugusa bomba la cha akiba kwa mkono kunatosha kuthibitisha: likiwa na ubaridi wa maji yanayorudi na linatetema kidogo, kuna maji yanapita.

Hakuna kasoro yoyote, na bado hakitoshi

Ukifika hapa UA ni 600, mitiririko ni sahihi, hakuna kinachovuja, na maji ya wodini bado hayafiki 7 mzigo unapokuwa mkubwa. Soma halijoto ya mtandao inapoingia. Mara nyingi mbunifu alitumia halijoto ya maji yanapotoka mtamboni badala ya ile inayoahidiwa kwenye mpaka wa hospitali, na kati ya hizo kuna bomba, vali na saa za alasiri.

Nyuzi moja inaonekana ndogo hadi uipitishe kwenye hesabu. Mtandao ukifika na nyuzi 6 badala ya 5, na hospitali ikiendelea kudai 15 hadi 7 kwa kilowati 1,200, ncha ya baridi ina tofauti ya 1 tu. Tukishikilia maji yarudi na 13, ncha ya joto inabaki 2 na mtiririko wa mtandao unapanda hadi 147 hivi. LMTD ni 1 gawanya kwa logariti asilia ya 2, yaani 1.44. UA inayohitajika ni takriban 832, na kwa U ile ile eneo ni mita za mraba 166. Nyuzi moja kwenye mkataba imekuwa asilimia 39 ya mabamba.

Hapo ndipo kuongeza mabamba kunapokuwa swali halali, lakini jibu lake si la moja kwa moja. Ukiongeza asilimia 20 ya mabamba huku maji yakibaki yale yale, kila mfereji unapata maji machache zaidi, kasi inashuka, na U inashuka karibu asilimia 10. UA inapanda kwa asilimia 8 tu hivi, si 20. Kasi hiyo ndogo pia hupunguza msuguano unaouzuia utando kushika, kwa hiyo kibadilisha joto kilichojazwa mabamba kupita kiasi huchafuka mapema. Ili kupata asilimia 39 kwa njia hiyo, fremu nyingi hazitakuwa na urefu wa kutosha.

Kwa hospitali hii ningeuliza maswali mawili kabla ya kuagiza chochote. Je, mwenye mtambo anaweza kushusha maji hadi nyuzi 5 kwenye mpaka kwa saa chache za Februari na Machi tu? Na je, ni jengo lote linalohitaji nyuzi 7, au ni vyumba vya upasuaji peke yake? Kama wodi, ofisi na jiko zinaridhika na maji ya nyuzi 8, ncha ya baridi inarudi kwenye tofauti ya 2 kwa sehemu kubwa ya mzigo, na vibadilisha joto viwili vilivyopo vinatosha. Vyumba vya upasuaji vitapewa kibadilisha joto kidogo cha kwao, chenye eneo kubwa kwa kila kilowati, kilichohesabiwa kwa nyuzi 6 za kuingia na tofauti ya 1 kwenye ncha ya baridi. Mzigo wake ukiwa kilowati 150, UA ni 104 na eneo ni mita za mraba 21, ambalo linapita kwenye mlango wa chumba cha pampu bila kuvunja ukuta.